Mashabiki kwanza, albamu baadaye: faili, blogu na bendi mbili za mwaka 2005

Kuna albamu ya bendi ya roki ya Arctic Monkeys ambayo Arctic Monkeys wenyewe hawakuwahi kuitoa. Inaitwa Beneath the Boardwalk, na mpaka leo utakutana na mtu anayekuapia kwamba ndiyo kazi yao ya kwanza. Kumbe ni demo tu: nyimbo zilizorekodiwa mjini Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, zikachomwa kwenye CD tupu na kugawiwa bure kwa waliohudhuria maonyesho yao. Jina si la bendi. Boardwalk ulikuwa ukumbi wa muziki mjini humo, na mwimbaji wao, Alex Turner, aliwahi kufanya kazi ya kuhudumia baa yake. Shabiki mmoja aliyepata CD alitaka kuwarushia wenzake nyimbo hizo kwa njia ya intaneti, akahitaji jina la kuziita kwa pamoja, akazipa jina la mahali alipozipata. Waliozipokea wakazipitisha mbele na jina lilelile. Demo nyingine zilipotoka baadaye, nazo zikatiwa kwenye kapu hilohilo, mpaka kapu likawa na sura ya albamu kamili.

Kwa hiyo mtu asiye na lebo, asiye na studio wala ruhusa ya yeyote, aliipa bendi albamu. Na albamu hiyo ya kubuniwa ikailetea bendi watu wa kweli, wanaolipa kiingilio. Makala haya yanajaribu kueleza hilo liliwezekanaje, na kwa nini njia hiyohiyo, ilipopitia kwenye blogu za muziki upande wa pili wa Atlantiki, haikuifikisha bendi ya Clap Your Hands Say Yeah mahali palepale.

Kabla ya hapo mpangilio ulikuwa mmoja. Bendi changa ilirekodi demo kwenye kaseti, ikaipeleka kwenye lebo, ikangoja. Ikikubaliwa, lebo ilitoa fedha za studio, ikachapisha CD, ikazisukuma madukani, kisha ikapambana ili wimbo mmoja upigwe redioni na magazeti ya muziki yaandike neno. Mashabiki walikuwa wa mwisho kabisa kwenye mlolongo huo. Mtu hakuweza kuupenda wimbo ambao hakuna aliyegharamia kuufikisha masikioni mwake, na aliyegharamia ndiye aliyechagua upi umfikie. Bendi nyingi za roki zilikufa zikiwa hatua ya pili, zikingoja barua.

Kilichouvunja mlolongo huo kwanza ni udogo wa faili. Wimbo wa dakika 4 ukiwa kwenye CD ya kawaida una ukubwa wa karibu megabaiti 42. Ukigeuzwa kuwa MP3 kwa kiwango kilichozoeleka siku hizo, kilobiti 128 kwa sekunde, unabaki na megabaiti zisizofika 4. Kinachotupwa ni zile sauti ambazo sikio la binadamu huzikosa kwa sababu zimefunikwa na sauti nyingine kubwa zaidi kwa wakati uleule. Sasa chukua modemu ya simu ya miaka ile, iliyoshusha kama kilobaiti 5 kwa sekunde mambo yakiwa mazuri. Wimbo wa CD ungechukua zaidi ya saa mbili. MP3 ilichukua dakika kama 13. Saa mbili ni muda ambao mtu anaghairi. Dakika 13 anakwenda kupika chai na kurudi. (Kwenye vibanda vyetu vya intaneti, ambako laini moja iligawanywa kwa kompyuta kumi, hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Nakumbuka kulipia saa nzima ili nipate wimbo mmoja, na ukakatika katikati ya kiitikio.)

La pili ni kwamba nakala haikuchakaa. Waliowahi kwenda kwenye duka la kurekodi kanda na orodha ya nyimbo mkononi wanajua tatizo la kaseti. Kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine ina mvumo kidogo. Iliyotoka kwenye hiyo ina mvumo zaidi. Ya tano unasikia upepo, na mwimbaji yuko mbali kama anaimba ng'ambo ya mto. Mvumo huo uliweka kikomo cha umbali ambao wimbo ungeweza kusafiri kwa mikono ya mashabiki. MP3 haikuwa na kikomo hicho. Nakala ya elfu moja ilikuwa sawa na ya kwanza, biti kwa biti, pamoja na makosa yake yote.

Kuhusu makosa, hapa inafaa kuliangalia faili kwa karibu. Mwishoni mwa MP3 nyingi za wakati ule palikuwa na kipande kidogo cha baiti 128 kilichobeba maelezo ya wimbo. Baiti 3 za kwanza zilikuwa alama ya kutambulisha kipande chenyewe, kisha herufi 30 za jina la wimbo, 30 za jina la msanii, 30 za jina la albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na baiti 1 ya mwisho ya aina ya muziki. Baadaye ulikuja mpangilio mpana zaidi, lakini huu ndio uliokuwa umeenea. Sasa jaribu kuuandika humo wimbo uliowatoa Arctic Monkeys, I Bet You Look Good on the Dancefloor. Una herufi 37 ukihesabu na nafasi. Nafasi ya jina inakata hivi:

```
I Bet You Look Good on the Dan
```

Jina la albamu ya kubuniwa, Beneath the Boardwalk, lina herufi 21, linaenea bila shida. Nafasi zile hazikukaguliwa na mtu. Aliyeichoma CD kwenye kompyuta yake ndiye aliyezijaza, na akiiacha nafasi ya albamu wazi, wa pili angeijaza kwa anavyoona yeye. Ndiyo maana miaka ile nyimbo za bendi zisizojulikana zilizagaa zikiwa na jina la bendi maarufu: mtu alihisi sauti inafanana, akaandika. Kwa bendi changa kosa hilo lilikuwa chungu kuliko wizi. Wimbo uliosikilizwa na watu wengi kwa jina la mtu mwingine haumletei mwenyewe hata tiketi moja. Jina la Boardwalk lilikuwa kosa la heri, kwa sababu jina la bendi lilibaki salama na la ukumbi nalo likaongezwa.

Faili zilihitaji barabara. Ya kwanza kubwa ilikuwa Napster, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 na Shawn Fanning akishirikiana na Sean Parker. Wengi hudhani Napster ilikuwa ghala la nyimbo. Haikuwa na wimbo hata mmoja. Ulipoiwasha, programu ilisoma folda uliyoamua kuishirikisha, ikapeleka majina ya faili zako kwenye seva yao. Aliyetafuta jina fulani alijibiwa na seva: yuko mtu fulani analo. Kuanzia hapo kompyuta mbili zilizungumza zenyewe na faili likapita moja kwa moja. Orodha kukaa mahali pamoja kulifanya utafutaji uwe wa haraka, na ndiko kulikoipa mahakama kitu cha kushika. Aprili 2000 bendi ya roki ya Metallica walifungua kesi, na Julai 2001 Napster ikazima huduma yake. Nyingine zilijengwa bila orodha hiyo ya mahali pamoja. Gnutella, Kazaa na nyinginezo zilisambaza orodha yenyewe kwa watumiaji.

Kwa wapenzi wa roki ya lebo ndogondogo, programu iliyopendwa zaidi ilikuwa Soulseek, na sababu yake haikuwa kasi. Ulipompata mtu mwenye wimbo unaoutafuta, uliweza kuifungua folda yake yote na kupekua. Napster nayo ilikuwa na kitu cha aina hiyo, lakini kwa Soulseek ndio ulikuwa utamaduni wenyewe. Ulikwenda kutafuta bendi moja unayoijua, ukaikuta imekaa kati ya kumi usizozijua, kwenye kompyuta ya mtu ambaye tayari umeshajua ladha zenu zinafanana. Ilikuwa kama kualikwa nyumbani kwa mgeni na kuachwa peke yako mbele ya kabati lake la santuri. Redio haikuwahi kumpa msikilizaji nafasi hiyo, maana mtangazaji hukuletea anachopewa, na kabati la mtu humwambia mgeni kila kitu.

Hofu ya lebo ilikuwa moja: wimbo uliopatikana bure hautanunuliwa. Jibu la mapema lilitoka kwa bendi kubwa. Radiohead walikuwa wanatoa Kid A Oktoba 2000, na wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe albamu nzima ilikuwa imeshavuja Napster. Hawakuwa na singo ya kupigwa redioni. Albamu iliingia moja kwa moja namba 1 Marekani, wakati ile iliyotangulia, OK Computer, iliishia namba 21. Kisa hiki hutajwa sana kama ushahidi, na mimi naona kinabeba mzigo mkubwa kuliko mabega yake. Radiohead walikuwa tayari na jina, na dunia ilikuwa inawasubiri. Hakituambii lolote kuhusu vijana wanne wa kitongoji wasiojulikana hata mji wa jirani.

Vijana hao wanne tunawapata Sheffield. Arctic Monkeys walianza mwaka 2002 huko High Green, pembezoni mwa mji, na onyesho lao la kwanza lilikuwa Juni 2003 kwenye baa iitwayo The Grapes. Walikuwa wanajifunza vyombo huku wanapanda jukwaani. Demo walizirekodi studio ya hapohapo mjini, wakachoma CD, wakagawa mlangoni. CD hazikutosha. Hapa watu wengi hupita haraka, nami naomba tusimame kidogo, kwa sababu uhaba ule ndio uliofanya kazi. Kama wangechapisha CD elfu tano na kuziuza, kila mtu angekuwa na yake na hadithi ingeishia kabatini. Zilipokuwa chache, aliyekosa alimwomba aliyepata, na aliyepata alizigeuza MP3 mara moja badala ya kuazimisha CD isirudi. Bendi haikuwa na mpango wa intaneti. Ilikuwa na mashabiki waliokosa CD.

Angalia basi mpangilio wa matukio. Mtu anakwenda kwenye onyesho, anawaona kwa macho, anarudi na CD au anatumiwa faili na rafiki aliyekuwa naye. Kwa wiki mbili anausikiliza wimbo. Onyesho linalofuata anarudi anajua maneno, na amekuja na wengine wawili ambao nao wanayajua. Bendi inashangaa kuona ukumbi mzima unaimba wimbo ambao haujauzwa popote. Wale wageni wawili, waliokuja wakidhani wanaujaribu muziki mpya, wanajikuta katikati ya umati unaoimba, na hakuna tangazo linaloweza kumfanyia mtu kitu kama hicho. Faili lilikuwa linaufuata umati na kuuongeza. Umati ulikuwepo kwanza.

Magazeti yaliandika kwamba MySpace, mtandao wa kijamii wa siku hizo, ndiyo iliyowatengeneza. Wenyewe walisema hawakujua hata MySpace ni nini. Ukurasa wao ulifunguliwa na mashabiki. Ni kosa la kawaida la mwandishi anayefika siku ya arusi na kudhani maturubai ndiyo yaliyowaoanisha.

Kilele kilikuja haraka. Juni 2005 walisaini na Domino, lebo huru iliyoanzishwa na Laurence Bell. Mkataba huo ulipatikana mashabiki wakiwa tayari wapo, kwa hiyo lebo haikuwa inanunua bahati nasibu. Agosti mwaka huohuo walipangiwa jukwaa dogo kwenye tamasha la Reading, lile la bendi zisizojulikana sana, na umati uliofika ulikuwa mkubwa kuliko jukwaa lilivyozoea. Oktoba singo yao ya kwanza chini ya Domino, ule wimbo wa herufi 37, iliingia moja kwa moja namba 1 Uingereza. Januari 23, 2006 wakatoa albamu, Whatever People Say I Am, That's What I'm Not. Wiki ya kwanza iliuza nakala 363,735. Wakati huo hakuna albamu ya kwanza ya msanii yeyote Uingereza iliyowahi kuuza kwa kasi hiyo. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya Hear'Say, kundi lililoundwa na kipindi cha televisheni.

Sehemu kubwa ya nyimbo zile zilikuwa zimekaa kwenye kompyuta za wanunuzi kwa mwaka mzima na zaidi. Mardy Bum walikuwa nayo. Fake Tales of San Francisco walikuwa nayo. When the Sun Goes Down walikuwa nayo pia, ila waliijua kwa jina lake la demo, Scummy. Basi walinunua nini? Kwanza, zilirekodiwa upya, na mwenye sikio alisikia tofauti kati ya demo iliyobanwa na kazi iliyopikwa studio. Lakini nadhani jibu kubwa ni jingine. Kwa mtu aliyekuwa na faili tangu 2004, kuinunua CD ilikuwa kama kupiga kura. Alikuwa anatia sahihi kwamba alikuwepo. Hesabu ya lebo ilidhani mtu hununua sauti peke yake, na sauti anaweza kuipata bure. Hawa walikuwa wananunua sehemu yao kwenye jambo walilolianzisha.

Sasa tuvuke bahari. Marekani ni pana, na bendi ya Brooklyn haiwezi kugawa CD mlangoni ikawafikia watu wa Chicago au Seattle. Kazi hiyo ilishikwa na blogu za MP3. Fluxblog ya Matthew Perpetua, iliyoanza mwaka 2002, huhesabiwa kuwa ya kwanza kushika umbo hilo, na mwaka uliofuata ikaja Said the Gramophone kutoka Kanada. Umbo lenyewe lilikuwa jepesi. Mtu mmoja anaandika aya moja au mbili kuhusu wimbo unaomnyima usingizi, na chini yake anaweka kiungo cha kushusha MP3. Unasoma, unabonyeza, unasikia kama alichoandika ni kweli. Mhakiki wa gazeti hakuwahi kubanwa namna hiyo. Msomaji wake alilazimika kumwamini mpaka atakapokwenda dukani na fedha.

Viungo hivyo havikudumu. Baada ya wiki moja au mbili mwenye blogu alivifuta, na sababu si woga wa sheria peke yake, ingawa wengi waliweka tangazo la kumtaka mwenye haki aandike barua pepe ili wimbo uondolewe. Sababu nyingine ni bili. Wimbo wa megabaiti 4 ukishushwa mara 2,000 ni gigabaiti 8 zimetoka kwenye seva uliyoikodi kwa fedha yako mwenyewe, na kifurushi cha mwezi kilikuwa na kikomo. Blogu ikipendwa, inamfilisi mwenyewe. Kwa hiyo ziliwekwa nyimbo chache, moja au mbili kwa kila bendi, kwa muda mfupi. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililoamua aina ya ushabiki uliozaliwa: mtu wa Sheffield alikuwa na demo zote, mtu wa blogu alikuwa na wimbo mmoja na wiki moja.

Juu ya blogu hizo palikuwa na tovuti ya uhakiki ya Pitchfork, iliyoanzishwa na Ryan Schreiber katikati ya miaka ya 1990, ambayo ilizipa albamu alama kuanzia 0.0 hadi 10.0. Alama hiyo yenye nukta ilichekwa sana, lakini ilinukuliwa kila mahali. Na mwaka 2005 Anthony Volodkin, akiwa bado mwanafunzi mjini New York, akaanzisha Hype Machine, tovuti iliyopita kwenye blogu, ikaokota viungo vya MP3 na kuviweka kwenye orodha moja. Kuanzia hapo ulionekana waziwazi wimbo ambao blogu nyingi zinauandika wiki hiyo. Na ukishaonekana kuwa unaandikwa sana, huandikwa zaidi.

Clap Your Hands Say Yeah waliingia kwenye mashine hiyo ikiwa bado mpya. Walikuwa watano, wakijigawa kati ya Brooklyn na Philadelphia, mwimbaji wao Alec Ounsworth akiwa na sauti inayopasuka kama ya mbuzi aliyekasirika. Wengine waliipenda hapohapo, wengine hawakuimaliza dakika ya kwanza. Mwaka 2005 walitoa albamu yenye jina la bendi bila lebo kabisa. Waliichapisha wenyewe, wakaiuza kwenye maonyesho na kwa njia ya posta. Blogu zikaanza kuiandika, na Juni Pitchfork ikaipa 9.0. Oda zikafurika, na wanabendi walikuwa haohao wanaofunga bahasha, kuandika anwani na kwenda posta. Wanamuziki mashuhuri David Bowie na David Byrne walionekana kwenye maonyesho yao, habari ambayo nayo iliandikwa kwenye blogu na kuzaa oda nyingine.

Kwa macho ya haraka ni kisa kilekile cha Sheffield: hakuna lebo, faili zinazunguka, watu wanafurika. Lakini hapa faili lilitangulia umati. Aliyekuja ukumbini hakuletwa na rafiki aliyewaona wiki mbili zilizopita. Alikuwa amesoma, amesikia nyimbo mbili, anataka kuhakikisha. Alikuja kukagua. Tena alikuwa amezungukwa na wakaguzi wenzake, kila mmoja amefika kivyake kutoka kwenye kompyuta yake. Bendi iliyozoea kupigia watu wachache ilijikuta mbele ya umati uliofika kabla haijajifunza kuuongoza.

Namna ya kupima tofauti hiyo ipo kwenye ziara moja ya majira ya vuli mwaka 2005. The National, bendi ya watu wazima kidogo wenye asili ya Cincinnati, walikuwa wametoa albamu yao ya tatu, Alligator, mwezi Aprili. Wakapanga kuzunguka Marekani, na wakawachukua Clap Your Hands Say Yeah kama wafunguzi. Kati ya kupanga ziara na kuianza, blogu na ile 9.0 zikafanya kazi yake. Kumbi zikajaa kwa ajili ya wafunguzi. Usiku baada ya usiku, wafunguzi walipomaliza, sehemu kubwa ya watu walivaa makoti na kuondoka, na wenye ziara wakapanda jukwaani kupigia ukumbi unaojitoa. The National wamelisimulia hilo mara nyingi tangu hapo, siku hizi wakicheka.

Kisha tazama kilichofuata. Clap Your Hands Say Yeah walitoa albamu ya pili, Some Loud Thunder, Januari 2007. Wimbo wa kwanza waliufungua kwa sauti iliyochafuliwa makusudi, kana kwamba spika imepasuka. Ilisikika kama wanamfukuza mgeni mlangoni. Pitchfork iliipa 7.2. Si alama mbaya hata kidogo, lakini watu walioletwa na namba hupungua namba inapopungua, na blogu zilikuwa zimeshahamia kwa wengine. Wapo walioangushwa vibaya zaidi. Black Kids wa Jacksonville, Florida, waligawa nyimbo nne bure mwaka 2007 na Pitchfork ikazipa 8.4. Walipotoa albamu mwaka uliofuata ilipewa 3.3, na mahali pa uhakiki pakawekwa picha ya mbwa wawili na neno moja la kuomba radhi. Kati ya kupandishwa na kushushwa haukupita hata mwaka mmoja.

Sisemi blogu zilidanganya. Albamu ile ya 2005 ilistahili kusikilizwa, na bila blogu isingesikilizwa nje ya mitaa michache ya New York. Zaidi ya hayo ilithibitisha jambo la kibiashara ambalo lebo zilikuwa zinalikataa: bendi inaweza kuuza albamu yake nchi nzima kwa bahasha na stempu, ikabaki na haki zote za nyimbo. Kikomo chake ni kwamba blogu iliishi kwa upya. Mwandishi alipata heshima kwa kuwa wa kwanza kuitaja bendi, hakuna aliyemsifu kwa kuwa wa kwanza kuikumbuka. Albamu ya pili ya mtu, kwa hesabu hiyo, haikuwa habari.

The National waliendelea kuzunguka. Boxer ilitoka 2007, na watu waliobaki ukumbini usiku zile walirudi na wenzao. High Violet, mwaka 2010, iliingia namba 3 kwenye chati ya Marekani, miaka 11 baada ya bendi kuanza.

Upande wa pili, wanabendi wa Clap Your Hands Say Yeah waliondoka mmoja baada ya mwingine, Ounsworth akabaki na jina. Hakuliacha. Miaka ya baadaye alianza kufanya ziara za sebuleni: shabiki wa mji fulani anajitolea nyumba yake, tiketi chache zinauzwa moja kwa moja kwa wanaomfuatilia, na yeye anafika na gitaa, anakaa karibu na kochi, anaimba zile nyimbo za 2005 kwa watu ambao wengi wao walizishusha mara ya kwanza kutoka kwenye kiungo ambacho kilifutwa wiki iliyofuata.